Adapta za plagi ya pini nne kwenda SATA, na kwa nini za bei rahisi huyeyuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Plagi ya pini nne ni ipi hasa?

Ni ile plagi nyeupe au nyeusi, pana kidogo, yenye matundu manne makubwa yaliyopangwa mstari mmoja, inayotoka kwenye pawa saplai ya kompyuta ya mezani. Mafundi wengi huiita moleksi, kwa jina la kampuni ya Molex, ingawa plagi ya umbo hilo ilitoka kwa kampuni ya AMP. Diski za kompyuta ya kwanza ya IBM PC ya mwaka 1981 zilipewa umeme kwa plagi hii hii, na hadi leo ukifungua kesi ya kompyuta mpya unaweza kuikuta inaning'inia kwenye waya bila kazi.

Waya zake ni nne: njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, na mbili nyeusi za katikati ni graundi. Pini ni za mviringo, nene, zina nafasi ya milimita 5 hivi kati ya moja na nyingine. Ni plagi ngumu kuchomoa, inaumiza vidole, lakini kwa kubeba umeme ni imara.

Kama ni ya zamani hivyo, kwa nini watu bado wananunua adapta zake?

Kwa sababu SATA, njia ya kuunganisha diski na kompyuta, ilikuja mwaka 2003 ikiwa na plagi yake ya umeme, na pawa saplai nyingi za bei ya chini zina vichwa viwili au vitatu tu vya SATA. Ukiongeza SSD, ukabakiza diski ya zamani ya kuhifadhia picha na bado una draivu ya DVD, vichwa vimekwisha, lakini moleksi mbili zipo zimekaa bure. Pale Kariakoo au Luthuli adapta inauzwa kwa bei ya soda mbili tatu, na muuzaji hana hata haja ya kukushawishi. Sababu ya pili inahusu diski kubwa za kisasa ambazo hukataa kuwaka kwenye pawa saplai ya zamani. Hiyo nimeijibu peke yake huko chini.

Ndani ya kichwa cha SATA kuna nini kisichokuwepo kwenye moleksi?

Kichwa cha SATA cha umeme kina migusano 15 bapa, imepangwa kwa nafasi ya milimita 1.27 kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine. Imegawanyika mitatu mitatu: mitatu ya volti 3.3, mitatu ya graundi, mitatu ya volti 5, mitatu tena ya graundi, na mitatu ya mwisho ni volti 12. Kila mgusano unaruhusiwa kubeba ampea 1.5, kwa hiyo kila volti inapata ampea 4.5 kwa kichwa kizima.

Moleksi haina volti 3.3, na ndiyo maana adapta huwa na waya nne tu badala ya tano. Kwa diski karibu zote hilo si tatizo, kwa sababu hazitumii volti hiyo.

La kushika hapa ni mpangilio: kila kundi lenye umeme lina graundi ubavuni mwake. Volti 12 na graundi zinakaa jirani, na kati ya chuma na chuma hakuna hata milimita moja kamili ya plastiki. Kichwa kikitengenezwa vizuri, nafasi hiyo inatosha kabisa. Kikitengenezwa ovyo, hapo ndipo moto unapoanzia.

Diski yangu moja inakula umeme kidogo tu. Adapta inayeyukaje?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu linalotolewa mitaani mara nyingi si sahihi. Watu husema "waya zimezidiwa". Tuhesabu. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta kama ampea 2 kwenye volti 12 kwa sekunde chache, kisha hushuka hadi karibu nusu ampea. Kwenye volti 5 huvuta nusu ampea na ushei. SSD haigusi kabisa volti 12. Hakuna hapo kitu cha kuyeyusha kichwa cha ampea 4.5. Na bado adapta zinayeyuka zikiwa na diski moja, wakati mwingine kompyuta imekaa tu haifanyi lolote.

Tatizo liko kwenye namna kichwa kilivyotengenezwa. Adapta za bei rahisi huwa na vichwa vya kumimina: waya humenywa ncha, hushikizwa kwenye vidole vya chuma, kisha kitu kizima huwekwa kwenye kalibu na plastiki ya moto husukumwa ndani kwa shinikizo hadi kila kitu kifunikwe. Ikipoa, unapata donge moja safi la kupendeza. Lakini plastiki ilipokuwa inasukumwa iliweza kuusogeza waya, au kuupinda unyuzi mmoja wa shaba uliochomoza, ukaelekea kwa jirani. Ganda la waya nalo lililainika kwa joto lile lile. Hakuna anayeweza kuona ndani, hata aliyetengeneza.

Adapta kama hiyo ikipimwa kiwandani inapita, kwa sababu bado kuna plastiki nyembamba kati ya njano na nyeusi. Inafika dukani, inafungwa kwenye kompyuta, inafanya kazi miezi au hata miaka. Ndani ya kesi kuna joto, diski yenyewe ina joto, waya umepindwa ili kifuniko kifunge, na plastiki ile laini inaendelea kusogea kidogo kidogo. Siku moja umeme mdogo unaanza kuvuja kutoka njano kwenda nyeusi. Pale unapopita, plastiki inaungua na kugeuka kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Kwa hiyo unapita mwingi zaidi, joto linaongezeka, kaboni inatanuka. Kuanzia hapo diski haina tena sehemu katika habari hii. Umeme haupiti kwake. Unapita ndani ya plastiki ya kichwa.

Lakini pawa saplai ina ulinzi wa shoti. Kwa nini isijizime?

Kwa sababu hiyo si shoti kwa maana ambayo pawa saplai inaifahamu. Mwongozo wa Intel wa pawa saplai za ATX unasema shoti ni ukinzani ulio chini ya omu 0.1. Kwenye volti 12 hiyo ni sawa na ampea 120. Kaboni ndani ya kichwa haifiki huko. Inapitia hatua kwa hatua.

Tuseme mvujo umeanza na ukinzani wa omu 300. Volti 12 gawa kwa 300 ni ampea 0.04, karibu nusu wati. Hakuna anayehisi kitu. Kaboni ikikua hadi omu 20, inapita ampea 0.6, na hapo zinatoka wati 7 ndani ya kidonge cha plastiki kisichozidi ukubwa wa ncha ya kidole. Plastiki inalainika. Ikifika omu 2, inapita ampea 6, na joto ni wati 72. Chuma cha kulehemu cha kawaida cha fundi ni wati 60. Sasa umekizika ndani ya plagi, kimegusana na diski yako.

Wakati huo huo pawa saplai ya wati 450 inaweza kutoa zaidi ya ampea 30 kwenye volti 12. Ampea 6 za nyongeza kwake ni kama umefungua mchezo wa kompyuta. Haina namna ya kujua kwamba zinachoma plastiki badala ya kuendesha kadi ya grafiki. Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi ya ukutani ndiyo kabisa haijui: upande wa umeme wa nyumbani wati 72 ni kama theluthi moja ya ampea. Hakuna ulinzi wowote kati ya ukuta na diski unaoliona tatizo la aina hii. Pawa saplai hujizima mwishoni, plastiki ikishayeyuka hadi chuma kigusane na chuma, na wakati mwingine haijizimi hata hapo, kwa sababu vidole vinakuwa vimeungua na kuachana.

Cha ajabu, kadiri pawa saplai inavyokuwa kubwa na nzuri, ndivyo inavyoweza kulisha moto huo kwa muda mrefu zaidi bila kulalamika. Pawa saplai dhaifu pengine ingeshindwa mapema.

Unaweza kueleza tukio moja lililokwenda hivyo?

Kompyuta ya duka moja la kuchapisha picha ililetwa mezani kwangu kwa sababu "diski ya pili inapotea". Mwenyewe alisema inapotea, akizima na kuwasha inarudi, kisha wiki iliyopita wakaanza kusikia harufu na kudhani ni printa. Ndani kulikuwa na diski moja ya inchi 3.5 iliyopata umeme kwa adapta ya moleksi, kichwa cheusi cha kumimina, waya nne zimekunjwa kwa nguvu chini ya kingo ya kesi.

Kwa mbali kichwa kilikuwa kizima. Nilipokigeuza kwenye mwanga, upande wa waya ya njano plastiki ilikuwa inang'aa tofauti na kwingine, kama imelowa mafuta, na ilikuwa na kivimbe kidogo. Ganda la njano lilikuwa la kahawia kwa urefu wa nusu sentimita kuanzia pale linapoingia. Nikachomoa adapta, nikaweka multimita kati ya njano na nyeusi ya jirani, pasipo kitu kingine chochote kuunganishwa. Ilipaswa kuonyesha kwamba hakuna njia kabisa. Ilionyesha mamia ya omu, na nilipobonyeza kichwa kwa vidole namba zikawa zinacheza.

Nilikikata kwa wembe. Ndani, kati ya kidole cha mwisho cha graundi na cha kwanza cha volti 12, plastiki ilikuwa imekuwa unga mweusi mkavu, na pembeni yake ulionekana unyuzi mmoja wa shaba uliokwenda mshazari kutoka kwenye kifungu cha waya ya njano. Ule unyuzi ulikuwa pale tangu siku ya kiwandani. Diski yenyewe ilikuwa nzima, ila plastiki ya plagi yake ilikuwa imeacha kuwa nyeusi na kuwa ya kijivu upande mmoja.

Kupotea kwa diski nako kulikuwa na maelezo. Kidole cha volti 12 kilikuwa kimelegea kwenye plastiki iliyolainika, kwa hiyo mtikisiko mdogo ulikata umeme kwa kitambo, diski ikasimama na kuanza upya.

Nitatofautishaje kichwa cha kumimina na kilicho salama zaidi?

Angalia mgongo wa kichwa, pale waya zinapoingia. Cha kumimina ni donge moja: waya zinazama ndani ya plastiki bila mshono, hakuna kifuniko, na mara nyingi plastiki ni laini ukiibonyeza kwa kucha. Ukikiangalia mbele kwenye migusano unaona vidole vya chuma, lakini huoni vimeshikwaje.

Kilicho bora ni cha kubana. Kina boksi gumu lenye vyumba, kila kidole kimekaa kwenye chumba chake na ukuta wa plastiki kati yake na jirani. Waya inalazwa juu ya vidole vyenye makali ya uma yanayokata ganda na kung'ata shaba, kisha kifuniko hubanwa juu. Utaona mstari wa kifuniko, na mara nyingi waya inaingia upande mmoja na kuendelea upande wa pili kwenda kichwa kinachofuata. Ndivyo vilivyo vichwa vya SATA kwenye waya za pawa saplai nyingi za kawaida. Hapa chuma hakiwezi kuogelea, na hakuna plastiki ya moto iliyowahi kumiminwa juu yake.

Sisemi kila kichwa cha kumimina kitaungua. Vingi vitakaa hadi kompyuta itupwe. Ila kati ya viwili vinavyouzwa kwa tofauti ya bei ndogo, kimoja unaweza kukikagua kwa macho na kingine huwezi, na mimi kile kisichokagulika sikifungi kwenye kompyuta ya mteja.

Waya nyembamba si tatizo, basi?

Ni tatizo dogo kuliko linavyosemwa. Soma maandishi kwenye ganda la waya; nzuri huandikwa 18AWG, na namba ikipanda waya inazidi kuwa nyembamba. Adapta za bei rahisi hutumia 22 au 24. Lakini adapta ina urefu wa sentimita 15 au 20 tu. Hata waya ya 24, kwenda na kurudi, ina ukinzani wa kama omu 0.03, na kwa ampea 2 unapoteza chini ya moja ya kumi ya volti. Haitapata joto la kuyeyuka kwa diski moja.

Waya nyembamba ni dalili zaidi kuliko chanzo. Aliyebana matumizi kwenye shaba amebana pia kwenye kichwa.

Je, upande wa pini nne nao unaweza kuungua?

Unaweza, kwa njia nyingine. Kwenye plagi ya pawa saplai kuna mirija ya chuma iliyopasuliwa ubavuni, na pini ya mviringo ya adapta inaingia humo. Ukichomoa na kuchomeka mara nyingi, au ukiingiza kwa kuyumbisha, mrija unapanuka na hauibani tena pini. Pia pini za adapta duni hazishikwi vizuri kwenye boksi lake, kwa hiyo unaposukuma, moja inarudi nyuma na kuingia nusu tu. Hili unaliona ukiangalia kwa nyuma: pini tatu ziko usawa mmoja, ya nne imechomoza.

Mgusano uliolegea una ukinzani, na joto lake hupanda kwa mraba wa mkondo. Chukua mgusano wa omu 0.1. Diski moja ikianza na ampea 2, joto ni wati 0.4, si kitu. Ukiweka diski nne kwenye moleksi hiyo hiyo, zote zikaanza pamoja kwa ampea 8, joto ni wati 6.4 kwenye pini moja. Mkondo umeongezeka mara nne, joto mara kumi na sita. Hapa ndipo utakapoona boksi jeupe limegeuka rangi ya chai kuzunguka tundu moja, kwa kawaida la njano. Tofauti na kichwa cha SATA, hapa mzigo kweli una makosa.

Nifunge diski ngapi kwenye moleksi moja?

Mbili bila wasiwasi, ikiwa plagi inabana vizuri. Pini za moleksi zenyewe zinamudu kama ampea 11, lakini kumbuka waya ile ile ya pawa saplai ina moleksi mbili au tatu zinazogawana mkondo kuanzia juu.

Usichokifanya ni kuchukua kichwa kimoja cha SATA na kukigawa kuwa vinne. Diski nne zikianza pamoja, ampea 8 zinapita kwenye migusano mitatu iliyopewa ampea 4.5. Ni kwa sekunde chache kila unapowasha, na kwa muda mrefu utaona kama hakuna kitu. Ukilazimika kugawa, ni afadhali kugawa kutoka moleksi kuliko kutoka SATA, na hilo huwashangaza wengi wanaodhani kipya lazima kiwe na nguvu zaidi.

Na adapta ya SATA kwenda kadi ya grafiki?

Usitumie. Plagi ya pini sita ya kadi ya grafiki inaruhusiwa kuvuta wati 75, yaani ampea 6.25 za volti 12. Kichwa cha SATA mwisho wake ni ampea 4.5, ambazo ni wati 54. Na tofauti na diski, kadi haivuti kwa sekunde chache, inavuta saa nzima. Waliokuwa wakichimba sarafu za kidijitali waliunguza raiza zao, vile vibodi vya kuunganishia kadi ya grafiki na bodi kuu, kwa hesabu hii hii.

Diski yangu kubwa haizunguki kabisa, lakini nikiweka adapta ya moleksi inawaka. Mbona?

Hiyo ni kawaida na diski si mbovu. Kwenye toleo la 3.3 la SATA, mgusano wa tatu, ambao zamani ulikuwa wa volti 3.3, ulipewa kazi mpya: ukipata umeme, diski inazima. Uliwekwa kwa ajili ya seva, ili msimamizi aweze kuzima na kuwasha diski iliyoganda bila kuichomoa. Pawa saplai ya zamani haijui habari hizo. Inapeleka volti 3.3 pale muda wote, na diski inatii kwa kukaa kimya. Hukutana na hili hasa watu wanaotoa diski kwenye makasha ya nje ya USB na kuzifunga ndani ya kompyuta.

Adapta ya moleksi haina waya ya volti 3.3, kwa hiyo diski inawaka. Ni dawa halali, mradi adapta iwe ya kubana. Njia nyingine ni kufunika migusano mitatu ya kwanza ya diski kwa kipande chembamba cha utepe wa kaptoni. Selotepu ya kawaida usiweke, gundi yake huhama ikipata joto.

Nipimeje adapta mpya kabla ya kuifunga?

Kwanza bila umeme. Weka multimita kwenye kupima ukinzani, gusa njano na nyeusi, kisha nyekundu na nyeusi, kisha njano na nyekundu. Kote isionyeshe njia yoyote. Pindapinda waya pale zinapoingia kwenye kichwa huku ukiangalia namba.

Kisha ichomeke kwenye moleksi pasipo diski, washa kompyuta, na pima kwenye kichwa cha SATA. Migusano mitatu ya ukingoni upande wa waya ya njano isome karibu na 12, mitatu ya katikati isome karibu na 5. Hatua hii inachukua dakika moja na inaokoa diski, kwa sababu zipo adapta ambazo njano na nyekundu zimebadilishana kiwandani. Volti 12 zikiingia kwenye njia ya volti 5, kifaa kidogo cha ulinzi kwenye bodi ya diski kinajitoa mhanga. Ukiwa na bahati kinakufa peke yake na fundi anaweza kukiondoa, ukikosa bahati kinakwenda na bodi. Kuchomeka moleksi kinyume kunaleta matokeo yale yale. Pembe mbili za plagi zimekatwa ili isiingie kinyume, ila boksi la plastiki laini likisukumwa kwa hasira linaingia.

Kipimo hiki hakikuhakikishii kwamba kichwa cha kumimina hakitaungua mwakani. Kinakuambia tu kwamba leo hakijaanza.

Iliyokwishafungwa nitaijuaje kama imeanza kuharibika?

Harufu huja kabla ya moshi, nayo ni kali, inakaa puani, na watu huisingizia printa, feni au jirani. Ukizima kompyuta na kugusa kichwa cha SATA, kisiwe na joto kuliko diski yenyewe. Angalia ganda la njano pale linapoingia. Na kama diski inapotea na kurudi, isome kumbukumbu zake zenyewe. Kwenye Linaksi ni amri hii:

```
sudo smartctl -A /dev/sda
```

Tazama mstari wa `Power_Cycle_Count` na wa `Power-Off_Retract_Count`. Andika namba, tumia kompyuta siku nzima bila kuizima, kisha soma tena. Zikiwa zimepanda wakati hukuzima kitu, diski inakatikiwa umeme, na mtuhumiwa wa kwanza ni adapta. Ikipanda `UDMA_CRC_Error_Count` badala yake, hamia kwenye waya wa data, adapta umeionea.

Kuna njia ya kuepuka adapta kabisa?

Kama pawa saplai ni ya waya zinazochomoka, nunua waya wa SATA wa modeli hiyo hiyo. Si wa kampuni hiyo tu, wa modeli hiyo: upande wa diski vichwa vyote vinafanana, lakini upande wa pawa saplai mpangilio wa pini hautii kanuni yoyote ya pamoja, na waya wa kuazima unaweza kuua diski. Njia nyingine ni kuhamishia diski zisizotumika kila siku kwenye kasha la nje lenye umeme wake.

Kukata adapta na kulehemu waya moja kwa moja pia kunawezekana, na fundi makini anaweza kubana kichwa kipya cha SATA juu ya waya za moleksi kwa koleo. Hakikisha tu waya ni za unene ambao kichwa hicho kimetengenezewa, maana makali ya uma ya 18AWG hayashiki waya ya 22.

Imeshayeyuka. Nifanye nini sasa?

Zima ukutani. Usivute kichwa kikiwa cha moto, kwa sababu plastiki laini itabaki na vidole vyake ndani ya plagi ya diski. Acha kipoe kabisa, kisha kichomoe kikiwa kimenyooka. Kama kimegandamana, kata waya kwanza ili usiwe unavuta diski kwa uzito wake.

Angalia plagi ya diski kwa tochi. Migusano ikiwa yote ipo, safi, na ulimi wa plastiki unaoibeba haujapinda, pima kati ya migusano ya volti 12 na graundi kwenye diski. Ikisoma sifuri au karibu na hapo, usiiwashe, mpelekee anayetengeneza bodi za diski. Ikiwa haina shoti, ifunge kwenye kichwa cha SATA kinachotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, na nakili data kabla ya kazi nyingine yoyote. Ulimi ukiwa umepinda au umelainika, usiurudishe kwenye kichwa kwa nguvu; bodi ya diski ya modeli hiyo inaweza kupatikana, lakini kwa diski nyingi za sasa ni lazima kuhamisha pia chipu ndogo ya kumbukumbu kutoka bodi ya zamani, kwa hiyo bodi iliyoungua usiitupe.

Moleksi iliyokuwa inalisha adapta hiyo nayo ikague. Mrija wa njano ukiwa umebadilika rangi, uweke kando kwa utepe na usiutumie tena, hata kama plagi nyingine za waya huo ni nzima.